Hoho na Pasheni Katika Glasi Moja

Pasua pilipili hoho ya kijani uinuse, kisha nusa glasi ya mvinyo wa Sauvignon Blanc uliotoka nchi ya baridi. Harufu hizo mbili hazifanani kwa bahati. Ni kemikali ileile, methoksipirazini, na pua ya binadamu huigundua hata zikiwa nanogramu chache tu katika lita nzima. Ndiyo inayoleta ule unyasi mbichi ambao wengine huupenda na wengine huukimbia.

Mivinyo mingine myeupe yenye uchachu haina kitu hicho kwa kiasi cha kunusika. Riesling ni mkali wa asidi pengine kuliko Sauvignon, lakini hunukia maua na ndimu. Chenin Blanc, zabibu inayolimwa sana Afrika Kusini na hata Dodoma, huelekea kwenye tufaha. Pinot Grigio wa kawaida haunukii chochote kwa nguvu, na nadhani wanywaji wake wengi huupendea hilo hilo.

Sauvignon ina harufu ya pili, nayo ndiyo iliyoipa umaarufu mpya: pasheni, balungi, wakati mwingine pera. Hii hutokana na thioli, kemikali zenye salfa ndani yake. Ajabu yake ni kwamba ukitafuna zabibu yenyewe shambani, karibu hutaisikia. Thioli zimefungwa kwenye molekuli zisizonukia, na hamira ndiyo huzifungua mvinyo unapochachuka. Watafiti wa Bordeaux, akiwemo Takatoshi Tominaga, ndio waliozitambua katika miaka ya 1990. Mojawapo ikizidi hunukia mkojo wa paka, na wapo wajuzi wanaoisifu harufu hiyo bila aibu.

Watu husema nchi ya baridi hutoa nyasi na nchi ya joto hutoa matunda. Ni kweli nusu. Pirazini hujaa katika zabibu changa, kisha hupungua kadiri zinavyoiva, na jua na joto huharakisha kupungua huko. Ndiyo maana wakulima wa maeneo ya baridi huchuma majani yanayofunika vishada mapema, zabibu zingali ngumu, ili jua lizifikie. Kwenye joto kali mkulima huyaacha majani, maana zabibu zikiungua atapoteza kingi zaidi ya unyasi. Huko usiku nao ukiwa wa joto, asidi ya tufaha hupungua ndani ya zabibu, na mvinyo hutoka mzito, umepooza, bila nyasi wala pasheni ya maana. Joto, basi, halitengenezi pasheni. Huondoa tu kile kilichokuwa kikiifunika, na likizidi huondoa na uchangamfu wote.

Ushahidi mzuri uko Marlborough, New Zealand, ambako mashamba makubwa ya mizabibu yalianza kupandwa mwaka 1973. Jua la huko ni kali na siku zake ni angavu, lakini usiku una baridi, kwa hiyo zabibu huiva bila kupoteza asidi. Mvinyo wake hubeba hoho na pasheni kwa pamoja. Na hata ndani ya mkoa huo mmoja kuna tofauti. Bonde la Wairau, lenye joto kidogo zaidi, huelekea kwenye pasheni na balungi. Bonde la Awatere lililo kusini, lenye baridi na upepo zaidi, hutoa mvinyo wa majani ya nyanya na hoho. Mabonde hayo ni majirani, na zabibu ni ileile.

Mashine nazo zina mchango. Zabibu nyingi za Marlborough huvunwa kwa mashine zinazotikisa mizabibu, na punje hupondeka kidogo njiani. Kupondeka huko huongeza zile molekuli ambazo hamira itazigeuza kuwa pasheni. Zabibu zilizochumwa taratibu kwa mkono, ambazo tungezitarajia kuwa bora, mara nyingi hutoa pasheni kidogo zaidi. Sancerre ya Ufaransa, ambako uvunaji wa mkono bado upo, hunukia kwa upole zaidi: ndimu, nyasi, na kitu kama jiwe lililolowa mvua.

Ukinunua chupa dukani, hasa ya Afrika Kusini, angalia jina la eneo. Elgin na Durbanville hupoozwa na bahari au mwinuko, na mivinyo yake huwa na hoho na uchachu. Robertson, iliyoko bara zaidi, huwa laini na ya matunda. Kisha tazama mwaka. Thioli yenye pasheni kali zaidi huvunjika ndani ya mwaka mmoja au miwili, na upesi zaidi chupa ikikaa kwenye rafu yenye joto, ilhali pirazini hudumu. Chupa ya bei nafuu yenye miaka minne, iliyosimama dirishani, itakunukia njegere za kopo.