Herufi za Kirusi: Zinazofanana na Zetu Ndizo Zinazosumbua

Vijana wengi wa Afrika Mashariki waliokwenda kusoma Urusi, tangu Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilipofunguliwa Moscow mwaka 1960, walianza na masomo ya lugha kabla ya kugusa udaktari au uhandisi. Na kabla ya lugha yenyewe kulikuwa na herufi 33. Majuma mawili yanatosha kuzijua, ila inategemea unaanzia wapi.

Wengi huanza mwanzo wa orodha na kuikariri hadi mwisho. Hiyo ni njia ndefu. Afadhali kuzigawa herufi kwa jinsi jicho letu linavyozipokea. А, К, М, О na Т zinasomeka karibu kama zetu, na Е husomwa «ye» inapoanza neno. Hizo ni za siku moja, na tayari zinakupa maneno: МАМА ni mama, КОТ ni paka dume.

Kazi ya juma la kwanza iko kwenye herufi sita tu: В, Н, Р, С, У, Х. Zina sura ya herufi tunazozijua tangu darasa la kwanza, lakini sauti zake ni nyingine. В ni «v», Н ni «n», Р ni «r», С ni «s», У ni «u», na Х ni «kh», ile inayosikika kwa mtu anayetamka «kheri» kwa lafudhi ya Kiarabu. Herufi ngeni kabisa kama Ж haimdanganyi mtu. Akiiona anasimama na kukumbuka. Hizi sita hazimsimamishi. Anazipita kwa mazoea ya miaka yote, na anakosea huku akiamini amesoma sawasawa.

Chukua neno СУАХИЛИ. Jicho lililozoea herufi zetu huona «cyax», kisha hukwama. Sasa lipitie herufi kwa herufi. С ni «s», У ni «u», А ni «a», Х ni «kh». И, inayofanana na N iliyogeuzwa, ni «i». Л ni «l», halafu И tena. Suakhili: ndivyo Warusi wanavyoiita lugha yetu. Majina ya kwetu yanafaa sana kwa zoezi hili, kwa sababu sauti yake unaijua tayari, hivyo ukikosea sikio litakuambia papo hapo. РУАНДА ina mitego mitatu kati ya herufi sita. МОМБАСА inakufundisha Б, na НАЙРОБИ inaongeza Й, yaani «y».

Herufi 21 zilizobaki ziingie chache chache, kila moja ndani ya neno. Hapa msemaji wa Kiswahili ana nafuu. «Sh» na «ch» tunaziandika kwa herufi mbili, Mrusi anatumia moja: Ш katika АРУША, na Ч. «Ya» ni Я, mwisho wa ТАНЗАНИЯ. Moja inayohitaji uangalifu ni Ь, isiyo na sauti yake. Inailainisha konsonanti iliyoitangulia, ulimi ukipanda karibu na kaakaa, na maana hubadilika: брат ni kaka, брать ni kuchukua.

Kosa kubwa ninaloliona ni kuandika matamshi kwa herufi zetu juu ya kila neno. Mwanafunzi anadhani anasoma Kirusi, kumbe jicho limetua kwenye mstari wa juu. Ni rahisi kujipima: futa ule mstari, subiri hadi kesho, kisha soma. Ukishindwa, bado hujaanza kusoma.

Juma la pili ni la mkono. Mwalimu akigeukia ubao huandika kwa mwandiko wa kuunganisha, na humo т ndogo huonekana kama m, д kama g, п kama n, и kama u. Herufi ш, и na л zikifuatana huwa safu ya vijiti visivyoonyesha moja inaishia wapi. Baadhi ya Warusi huchora mstari juu ya т na mwingine chini ya ш ili kuzitenganisha. Mwandiko huu hausomeki kwa kuutazama tu. Ni lazima uandike mwenyewe kila siku, mpaka mkono uujue mwendo wa kila herufi.

Mwisho wa majuma hayo utasoma РЕСТОРАН, АПТЕКА na ПАСПОРТ polepole, bila msaada. Lakini hutajua mkazo uko wapi. Kwetu karibu kila mara huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa Kirusi huhama, na О isiyo na mkazo husikika karibu na «a». Хорошо, «vizuri», hutamkwa «kharasho», mkazo ukiwa mwishoni. Vitabu vya wanaoanza huweka alama juu ya irabu yenye mkazo. Magazeti na vibao vya barabarani haviweki, kwa hiyo kila neno jipya inabidi ulisikie likitamkwa.