Wasifu usiomwelekeza mtu mlangoni kwako

Chukua mwanafunzi wa uhasibu anayetafuta vibarua vya kutunza hesabu mtandaoni. Wasifu wake unasema: “Mtaalamu bingwa wa fedha, kampasi ya mjini, vipindi Jumatatu hadi Alhamisi asubuhi, jioni nipo hosteli.” Ubingwa huo mteja makini hauamini. Ratiba, kwa upande mwingine, inamfaa zaidi mwenye nia mbaya: anajua pa kumvizia, na saa ambazo chumba kiko kitupu.

Uandikwe hivi: “Mwanafunzi wa uhasibu, mwaka wa pili. Nimetunza mauzo ya duka la rejareja kwa Excel kwa miezi minne. Ritani za kodi bado sijafanya. Kazi ndogo huirudisha ndani ya siku mbili.” Mteja hahitaji kujua uko darasani saa ngapi, anataka kujua kazi itarudi lini. Na hilo la kodi liachwe hapo hapo, maana humwepusha na kazi itakayomshinda.

Picha nayo husema. Kitambulisho kinachoning’inia shingoni au bango la jengo nyuma hutaja chuo ambacho maneno yamekificha. Ukuta mtupu unatosha.