Nani Atasomba Mchanga?

Mihtasari mingi ya vikao vya kuanzisha ujenzi wa madarasa huanza vizuri. Tarehe ipo, mahali papo, waliohudhuria wameorodheshwa na wenye udhuru pia, na saa ambayo mwenyekiti alifungua kikao imeandikwa. Ukifungua ukurasa wa pili ndipo wino unapoanza kuwa mwepesi: "Wajumbe walisisitiza ushirikiano." "Iliagizwa vifaa vifike kwa wakati." "Ilikubaliwa kazi iende kwa kasi." Miezi mitatu baadaye kuta zimefika kwenye renta, fedha zimekata, na karatasi hiyo haimsaidii yeyote. Aliyeagizwa ni nani? Wakati wenyewe ni tarehe ngapi?

Nazungumzia vikao hivi kwa sababu wananchi wa kawaida ndio wanaovikalia. Kwa miaka kadhaa sasa shule nyingi za serikali nchini Tanzania zimejengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: badala ya kumpa mkandarasi kazi yote, shule hupokea fedha kwenye akaunti yake, inanunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi wa eneo hilo gharama ya ufundi tu. Ndivyo yalivyojengwa madarasa 15,000 kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 mwaka 2021, kila chumba kikitengewa shilingi milioni 20. Kwa hiyo mkulima, mama lishe na mwalimu wa hisabati hujikuta mezani wakisimamia mamilioni, na hati ya kwanza ya usimamizi wao ni muhtasari wa kikao hicho.

Tuchukue mfano wa shule ya sekondari ya kata inayojenga vyumba viwili kwa shilingi milioni 40. Fedha zimeingia mwanzoni mwa Oktoba na wanafunzi wanatarajiwa Januari. Mezani wapo mkuu wa shule, mtendaji wa kijiji, afisa elimu kata, mhandisi wa halmashauri, na wajumbe wa kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi.

Kamati ni tatu kwa sababu anayenunua hatakiwi kuwa ndiye anayepokea, na anayepokea hatakiwi kuwa ndiye anayetumia. Hilo wengi wanalijua. Kinachosahaulika ni kwamba kamati haina mikono wala simu. Wenye simu ni watu. Lori la saruji likifika saa mbili usiku, "kamati ya mapokezi" imelala. Dereva anataka kurudi mjini, mlinzi anasaini hati ya mzigo ya mifuko 200, na asubuhi wakihesabu wanakuta 188. Kumi na miwili imepotelea wapi? Muuzaji ana saini mkononi, na saini ndiyo inayosemwa kuwa kweli.

Ndiyo maana kipengele cha majukumu kwenye muhtasari mzuri husomeka kikavu namna hii: "Vifaa vitapokelewa kati ya saa 2 asubuhi na saa 11 jioni. Hati ya mzigo itasainiwa na wajumbe wasiopungua wawili wa kamati ya mapokezi baada ya kuhesabu. Mlinzi hana mamlaka ya kusaini. Anayewajibika: katibu wa kamati ya mapokezi." Chini yake jina na namba ya simu. Watu wengi wanaweza kufanya kazi moja, lakini wa kuulizwa awe mmoja. Ukikuta muhtasari umeandika "wote wanawajibika", jua kuwa hakuna aliyekabidhiwa kitu.

Baada ya majukumu huja sehemu ambayo vikao vingi huiruka kabisa, nayo ndiyo ninayoiona kuwa moyo wa kikao cha kwanza: dhana. Dhana ni jambo mnalolichukulia kuwa kweli ili hesabu zenu zitoke. Halijathibitishwa, ila bajeti nzima imelikalia. Kwenye ujenzi wa shule dhana kubwa karibu kila mara ni ile ile: wananchi watachangia mchanga, mawe na maji kwa msaragambo. Kwa sababu ni "nguvu za wananchi", mchanga haupewi hata mstari mmoja kwenye orodha ya gharama.

Kikao kikienda vizuri, hapo ndipo mtu wa nyuma hunyoosha mkono: "Ndugu mwenyekiti, hao wananchi wenyewe wameshaambiwa?"

Kimya. Mtendaji anaeleza kuwa taarifa itatolewa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Afisa elimu kata anakumbusha kuwa Oktoba watu wanaandaa mashamba wakisubiri mvua za vuli. Mwalimu wa hisabati anapiga hesabu. Tuseme zinahitajika tripu 12 za mchanga, na lori linatoza 120,000 kwa tripu. Hiyo ni shilingi 1,440,000 ambayo haipo popote kwenye karatasi. Isipoonekana leo itaonekana mwezi wa Desemba, na itakatwa kutoka kwenye kitu kilichobaki mwishoni: rangi, vioo, au dari.

Dhana ikishaonekana, haiondolewi kwa hotuba. Huandikwa pamoja na mambo manne: nani ataithibitisha, kwa namna gani, kabla ya tarehe ipi, na isipotimia itakuwaje. Kwa mfano wetu: "Tumechukulia kuwa vitongoji vitasomba mchanga wote. Mtendaji wa kijiji atathibitisha kwa ratiba ya kila kitongoji iliyosainiwa na mwenyekiti wake, kabla ya tarehe 14 Oktoba. Ratiba isipopatikana, kamati ya manunuzi italeta bei tatu za usafirishaji kwenye kikao kijacho, na mhandisi ataonyesha ni kipengele gani kinaweza kupunguzwa bila kudhuru jengo." Sasa dhana ina mwenyewe na ina siku ya kufa.

Dhana nyingine zinapimika kwa nusu siku. Ramani inayotoka halmashauri ina kina cha msingi kilichochorwa kwa udongo wa kawaida. Kama eneo lina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka, msingi huo hautatosha. Vijana wawili wenye sururu wakichimba shimo la majaribio kabla mawe hayajaletwa, mhandisi ataona kwa macho yake. Hilo ni agizo la mstari mmoja kwenye muhtasari, lakini nimeona likiachwa mara nyingi kuliko lilivyoandikwa.

Kihatarishi ni kitu kingine. Dhana tunaitegemea iwe kweli. Kihatarishi tunakiogopa kisije kikatokea. Makosa ya vikao ni kuorodhesha vihatarishi kama maombi ya kanisani: mvua, wizi, ajali, bei kupanda. Orodha ya namna hiyo haibadilishi uamuzi wowote. Bora viwili vilivyojadiliwa mpaka vikagongana, kwa maana hapo ndipo kikao hufanya kazi yake.

Tazama saruji. Kihatarishi cha kwanza: bei itapanda kabla ya kupaua. Tuseme inahitajika mifuko 320. Bei ikipanda kwa shilingi 2,000 tu, mradi umepoteza 640,000. Dawa yake ni kununua yote leo. Kihatarishi cha pili: vuli inakuja, na stoo ya shule ni darasa bovu lenye bati linalovuja. Saruji iliyokula unyevu hushika mabonge, na ile iliyoganda ikabaki mawe ndani ya mfuko haifai tena kwa zege. Dawa yake ni kununua kidogo kidogo. Kila dawa inakuza ugonjwa wa mwenzake.

Kikao chetu kinachagua njia ya kati: kuingia makubaliano ya maandishi na mzabuni ili bei isibadilike hadi mwisho wa Desemba, na mzigo uchukuliwe kwa awamu mbili, ya kwanza kwa ajili ya msingi na matofali, ya pili kuta zikikaribia renta. Malipo yafuate mzigo uliopokelewa, sio kulipia chote mbele. Kwenye stoo mifuko ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Kisha, na hili ndilo la thamani, katibu anaandika sababu: kwa nini hamkununua yote. Mkaguzi atakapouliza mwakani kwa nini kuna ununuzi wa aina mbili, au diwani atakapolalamika kuwa mzabuni mwingine alikuwa na bei ya chini wiki ile, jibu lipo na lina tarehe iliyotangulia swali.

Kila kihatarishi kipewe pia dalili yake ya mapema. Kwa barabara ya korongoni ambako mchanga hutoka, dalili si lori kukwama, hapo mmeshachelewa. Dalili ni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwamba mvua zimekaribia, na hatua yake ni kusomba mchanga wote kwanza, hata kabla msingi haujachimbwa.

Kuhusu mawasiliano, kundi la WhatsApp litafunguliwa kabla kikao hakijafungwa. Huna haja ya kulipigania. Kinachohitaji maandishi ni mipaka yake. Kundi ni la taarifa na picha. Maagizo ya kiufundi huandikwa kwenye daftari la maelekezo linalokaa saiti, na fundi hapokei agizo la kubadilisha kitu kwa simu, hata likitoka kwa mheshimiwa diwani. Kabla ya kumwaga zege, picha za nondo zipigwe na mhandisi apewe taarifa saa 48 kabla ili aje azikague, maana zege likishamwagwa hakuna anayejua ndani kuna nini. Asipopatikana, muhtasari uwe umeshataja anayepigiwa baada yake. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kijiji na kusomwa mkutano mkuu, ambao kisheria hukaa angalau kila baada ya miezi mitatu. Ubao hupunguza maneno ya vijiweni kuliko ufafanuzi wowote.

Muhtasari uandikwe na kusambazwa ndani ya siku mbili, watu wakiwa bado wanakumbuka. Ukiandikwa baada ya wiki tatu, katibu huwa anaandika kilichotokea badala ya kilichoamuliwa, na mara nyingi bila hata kujua.

Una kikomo chake pia. Haumfungi mtu ambaye hakuwepo, na mtu muhimu kuliko wote kwa kawaida hakuwepo: fundi, kwa sababu kikao hukaa kabla hajapatikana. Mkataba wake wa ufundi ni hati tofauti. Basi siku ya kukabidhiwa saiti asomewe vipengele vinavyomhusu, asaini kuwa amevisikia, na nakala iambatanishwe na mkataba. Fundi mzoefu ana maswali yake mawili ya siku hiyo: maji ya kuchanganyia zege yanatoka wapi, na malipo ya hatua ya msingi anayaidhinisha nani, kwa siku ngapi baada ya ukaguzi. Mkuu wa shule akilazimika kumjibu kwa kukisia, kikao cha pili kiitishwe kabla jembe la kwanza halijaingia ardhini.