Tepu Peke Yake Haizuii Maji

Kazi ya kupandisha bomba la nusu inchi kutoka kwenye mtaro hadi kwenye koki ya uani huanza na hesabu. Tuseme kutoka katikati ya elbo ya chini hadi katikati ya elbo ya juu pana milimita 600. Fundi akikata bomba la urefu huo huo, koki itakaa juu kuliko ilivyopangwa, kwa sababu elbo nazo zina sehemu yake katika kipimo. Elbo ya kawaida ya nusu inchi ina milimita 28 kutoka katikati yake hadi mdomoni, na ncha ya bomba huzama ndani milimita 13 hivi. Zinabaki 15 kila upande. Kwa hiyo bomba la kukatwa ni la milimita 570.

Bomba lenyewe ni la chuma kilichopakwa zinki, lile ambalo madukani huitwa GI. Hubanwa kwenye jiriwa na kukatwa wima, kisha makali yaliyobaki ndani na nje huondolewa kwa tupa. Ncha iliyokatwa mshazari huikaribisha dai upande mmoja kabla ya mwingine, na hesi hutoka zimepinda.

Hesi za bomba la maji si kama za boliti. Zinachongoka: kila milimita 16 za urefu, kipenyo hupungua kwa milimita moja. Bomba linapozidi kuingia kwenye elbo, ndivyo chuma kinavyozidi kukibana chuma. Mbano huo ndio unaobeba kazi ya kuzuia maji. Hata hivyo, kati ya ncha za meno ya bomba na mashina ya meno ya elbo hubaki kijia chembamba kinachozunguka kama ngazi ya mnara, na maji yenye shinikizo hukifuata hadi nje. Tepu au katani huwekwa ili kukiziba kijia hicho, na pia kulainisha ili bomba lifike mahali pake bila kukwaruzana.

Ndiyo maana ukataji wa hesi haufai kuharakishwa. Dai huvishwa kwenye ncha ya bomba na kusukumwa kwa kiganja hadi meno yake yashike, huku mpini ukizungushwa kufuata saa. Mafuta ya kukatia humiminwa mara kwa mara. Kila baada ya mzunguko mmoja hivi, fundi hurudisha nyuma robo mzunguko ili vipande vya chuma vikatike na kudondoka. Hesi zilizochanika na kukwaruka ni dalili ya dai butu au ukosefu wa mafuta, na tepu nyingi haitaziponya.

Pa kuishia panaonekana kwa macho: ncha ya bomba inapokuwa sawasawa na uso wa nje wa dai, inatosha. Akiendelea, ncha hutoka nyembamba na kupoteza mchongoko wake, na elbo itacheza. Njia rahisi ya kupima ni kuvisha elbo kwa mkono bila tepu. Inapaswa kuzunguka mara nne hivi kisha ikwame, na mizunguko miwili au mitatu ya mwisho iachiwe spana ya bomba. Ikiingia yote kwa mkono, kipande hicho kikatwe na hesi zipigwe upya.

Tepu huviringwa kufuata saa, ncha ya bomba ikimtazama fundi, ili elbo inapofungwa iivute ikaze badala ya kuifumua. Tepu nyembamba hutaka mizunguko minne au mitano iliyovutwa vizuri. Katani nayo huzungushwa upande huo huo, ikafuata mifereji ya hesi na kupakwa dawa yake ya kuzibia. Inafaa hasa pale hesi zisipokuwa laini sana, kwa sababu huvimba inapolowa.

Mtego mkubwa uko mwishoni. Elbo imekaza, lakini mdomo wake umepita kidogo upande wa ukuta, na fundi anatamani kuirudisha nyuma. Akifanya hivyo, tepu iliyokwisha kubanwa hulegea, na kijia hufunguka tena. Aidha aisogeze mbele hadi ielekee panapotakiwa, kama mbano unaruhusu, au afungue yote, asafishe na kuviringa upya.

Kazi hupimwa kwa maji yenye shinikizo kabla ya mtaro kufukiwa. Tone likionekana, kiungo hufunguliwa. Lakini kwa kuwa bomba lina hesi ncha zote mbili, kulizungusha ili kulegeza upande mmoja ni kulikaza upande wa pili. Kwa hiyo mahali fulani kwenye mstari sharti pawepo yunioni, kiungo kinachoachana bila bomba kuzunguka.

Kinachosalia ni yale meno mawili matatu yanayobaki nje ya elbo. Dai imeondoa zinki hapo, na pia imepunguza chuma: hesi za nusu inchi zina kina cha zaidi kidogo ya milimita moja, wakati ukuta wa bomba jepesi una milimita mbili tu. Hapo ndipo kutu huanzia, kwa hiyo hupakwa rangi ya zinki kabla ya udongo kurudishwa.