Picha Hii Uliipigia Wapi?

Picha ya Kilimanjaro ikichapishwa bila kutajwa mahali ilipopigwa, msomaji hutamani kujua mpiga picha alisimama wapi. Ukimwandikia "Hii ni wapi?" peke yake, umemtwika kazi yote. Ichunguze picha kwanza, umwandikie ulichokiona, naye ataweza kukujibu kwa neno moja.

Anza na vilele. Kibo, chenye mita 5,895, ni kipana na juu kimelala. Mawenzi, chenye mita 5,149, kimechongoka, nacho kiko mashariki ya Kibo. Kwa hiyo aliye Amboseli, kaskazini mwa mlima, huona Mawenzi kushoto. Aliye Moshi, kusini, hukiona kulia. Lakini picha ikigeuzwa kabla ya kuchapwa, kushoto huwa kulia, hivyo tafuta ushahidi wa pili chini ya mlima. Migunga na nyasi kavu ni dalili ya upande wa kaskazini. Migomba na mibuni ni ya miteremko ya kusini.

Pengo kati ya vilele nalo lina habari. Ukiwa upande wa Namanga, magharibi zaidi, Mawenzi huonekana karibu zaidi na Kibo. Ukisogea mashariki kuelekea Kimana, vilele huachana. Ukishayaona hayo, andika hivi:

"Ndugu Mpiga Picha,

Habari za kazi. Nimeiona picha yako ya Kilimanjaro kwenye toleo la mwezi huu, ukurasa wa kati, na imenivutia sana. Naomba kujua uliipigia eneo gani.

Naona Mawenzi iko kushoto na mbele kuna migunga, kwa hiyo nadhani ulikuwa upande wa Kenya. Mwanga unatoka kushoto na vivuli ni virefu, nami nimechukulia kuwa ilikuwa asubuhi. Pengo la vilele ni pana, ndiyo maana nafikiri ni karibu na Kimana kuliko katikati ya Amboseli. Kinachonitatiza ni maji yaliyo mbele: sijui kama ni kinamasi au ni dimbwi la mvua.

Jina la eneo tu linanitosha. Kama ungependa kulihifadhi, nitaelewa. Asante kwa kazi yako."

Barua hiyo inatenganisha kilichoonekana na kilichokisiwa, kwa hiyo mpiga picha akiona kosa anajua pa kulirekebisha. Haidai pia alama kamili za ramani. Ardhi nyingi kuzunguka Amboseli ni ya Wamaasai, na mpiga picha huenda aliruhusiwa kuingia yeye peke yake. Akiutangaza mahali hapo, wenyeji ndio watakaopokea msururu wa magari.

Akikujibu, mshukuru, na usilisambaze jina la mahali hapo kabla ya kumwomba ruhusa.