Muhtasari wa Zabuni: Vigezo na Muda Hunakiliwa, Havifupishwi

Nyaraka za zabuni moja ya ujenzi zinaweza kuzidi kurasa mia moja, nao wajumbe wa Bodi ya Zabuni wana majukumu mengine. Kwa sababu hiyo, Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi huwaandalia muhtasari. Usuli wa mradi unaweza kubaki sentensi mbili bila madhara. Vigezo vya kustahiki na tarehe hunakiliwa kama vilivyo, pamoja na namba ya kifungu kilikotoka.

Mfano wa kufikirika ni zabuni ya kukarabati wodi katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tabora, Kitete. Nyaraka zinataka mkandarasi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi katika "daraja la tano au la juu zaidi". Muhtasari ukiandika "daraja la tano" pekee, mkandarasi wa daraja la pili ataonekana hana sifa. Ukiandika "daraja la tano na kuendelea", hali huwa mbaya zaidi. Katika usajili huo daraja la kwanza ndilo kubwa kuliko yote na la saba ndilo dogo, hivyo msomaji aweza kudhani kuwa daraja la sita na la saba yamekaribishwa. Maneno machache yamebadilisha orodha nzima ya wanaostahiki.

Upande wa muda, kosa hujificha katika siku ya kuanzia kuhesabu. Tangazo la mfano huu limetolewa tarehe 9 Februari, mwisho wa kuwasilisha ni tarehe 2 Machi, na zabuni inatakiwa kubaki halali kwa siku 90 tangu tarehe ya mwisho wa kuwasilisha. Kwa mwaka wenye Februari ya siku 28, uhalali unaishia tarehe 31 Mei. Muhtasari unaosema tu "uhalali siku 90" humwachia mjumbe kuhesabu tangu siku ya tangazo na kufikia tarehe 10 Mei, yaani wiki tatu pungufu. Inafaa kuandika idadi ya siku, mahali pa kuanzia na tarehe yenyewe.

Saa nayo ina mtego wake, na huu ni wa Kiswahili hasa. "10:00" iliyoandikwa kwa mfumo wa saa 24 ni saa nne asubuhi, lakini mjumbe aweza kuisoma kuwa saa kumi jioni, wakati dirisha la kuwasilisha katika Mfumo wa NeST limekwishafungwa kwa saa sita. Iandikwe "saa 4:00 asubuhi (10:00)".

Kabla ya kikao, afisa ambaye hakuandaa muhtasari huulinganisha na nyaraka, akianzia kwenye marekebisho ya mwisho yaliyotolewa kwa wazabuni, kwa kuwa tarehe iliyosogezwa huko hufuta ile ya awali. Muhtasari hubeba tarehe ya marekebisho hayo katika ukurasa wake wa kwanza.