Usinunue Paneli kwa Wati Peke Yake

Ukigeuza paneli ya sola dukani Kariakoo, utakuta nyuma yake kibandiko kilichojaa herufi na tarakimu. Wanunuzi wengi husoma tarakimu moja tu, ya wati, kisha wanaingia kwenye bei. Lakini wati ndizo rahisi kughushi. Namba zilizo chini yake ndizo zinazomuumbua mwongo.

Tuchukue kibandiko kinachosema: Pmax 100 W, Vmp 18.0 V, Imp 5.56 A, Voc 21.6 V, Isc 6.0 A. Vmp na Imp ni volti na ampea paneli inapotoa nguvu yake ya juu kabisa. Zizidishe: 18.0 mara 5.56 ni 100. Hesabu hiyo isipokaribiana na wati zilizoandikwa, kibandiko hicho hakina maana.

Chini kabisa huwa pameandikwa STC, yaani hali maalumu za maabara ambamo namba hizo zilipimwa: mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na joto la nyuzi 25. Joto hilo si la hewa, ni la seli zenyewe. Kwenye bati la Dar es Salaam, saa sita mchana, hewa ikiwa nyuzi 32, seli hufika nyuzi 60 na zaidi. Paneli nyingi hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25. Kwa hiyo paneli yetu ya wati 100, hata iwe halali kabisa, hapo itatoa wati 85 hivi. Huyo muuzaji hajakuibia. Ni jua lenyewe.

Joto hilo hilo ndilo linaloeleza kwa nini paneli ya kuchaji betri ya volti 12 ina Vmp ya volti 18. Betri ya risasi na asidi huhitaji hadi volti 14.4 hivi ili ijae. Seli zikipata moto, zile volti 18 hushuka hadi 15 na ushee, na waya nao hula kidogo. Kinachobaki kinatosha, ila hakina ziada kubwa. Paneli yenye Vmp ya volti 15 kwenye kibandiko itaiacha betri yako na njaa kila mchana wa joto.

Sasa tuje kwenye mtego. Muuzaji huchukua multimita, anagusisha nyaya za paneli, volti 21 zinatokea, na mteja anaridhika. Kipimo hicho ni Voc, volti za paneli isiyounganishwa na chochote, na hakisemi lolote kuhusu wati. Paneli ndogo ya wati 20 yenye idadi ile ile ya seli itaonyesha volti zizo hizo, na hata chini ya mawingu hazishuki sana.

Kinachofichua ukubwa ni Isc, mkondo wa shoti. Betri ukiipiga shoti inaweza kuwaka moto, lakini paneli haiwezi kutoa mkondo unaozidi sana ule wa kazi: 6.0 dhidi ya 5.56. Kwa hiyo unaweza kuupima. Hamishia waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la 10A, chagua ampea za DC, elekeza paneli kwenye jua kali, kisha gusisha ncha kwa sekunde chache. Usifanye hivyo kwa paneli kubwa ambazo Isc yake inapita ampea 10, kwani utaunguza fyuzi ya kipimo.

Anga ikiwa safi karibu na adhuhuri, paneli yetu itasoma kati ya ampea 5 na 6. Ikisoma 3, umeshika paneli ya wati 50. Mkondo hufuata mwanga, kwa hiyo siku ya mawingu ilinganishe na paneli nyingine unayoiamini, zote zikiwa zimelala upande mmoja kwa wakati mmoja.

Huna multimita? Beba futi. Paneli nyingi za sasa hugeuza takriban sehemu moja kwa tano ya mwanga kuwa umeme, hivyo mita moja ya mraba hutoa wati 200 hivi katika STC. Paneli ya mita moja kwa nusu mita iliyoandikwa wati 200 ingepaswa kugeuza asilimia 40, kiwango ambacho hakuna paneli ya dukani inayokifikia.

Isc ina kazi nyingine baada ya kununua: ndiyo inayochagua kontrola. Paneli mbili kama yetu zikiungwa sambamba, mikondo hujumlishwa kuwa ampea 12. Mafundi huongeza robo kwa ajili ya usalama, zinakuwa 15. Kontrola ya ampea 10 itaungua. Chukua ya 20.